Asali Ibaki Nyumbani, Shukrani Ziende kwa Mratibu

*Wiki iliyopita niliitwa Singida mjini kwenye usaili wa siku nzima wa shirika la mambo ya misitu. Tulijadili kwa kikundi, tukaigiza kikao cha wanakijiji wanaogombea mpaka wa msitu, kisha kila mmoja akawasilisha mpango wake. Waangalizi walikuwa sita, wanaandika tu. Nimeshika majina mawili. Nataka kumshukuru kila mmoja, na baba anasema nimpelekee mkubwa wao asali. Nifanyeje? – Msichana wa Mgori*

Mwanangu, asali ibaki nyumbani. Najua baba yako anatoa kilicho bora cha Mgori, lakini zawadi kwa mtu ambaye bado anaamua ajira yako inaweza kuhesabiwa hongo chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Itakuharibia jina hata kama hakuna atakayekushtaki.

Kuhusu wale sita, elewa walikuwa wanafanya nini. Katika usaili wa namna hii, kila mwangalizi hupewa wasailiwa wachache wa kuwatazama, huandika walichosema na kutenda, na kwenye zoezi linalofuata hubadilishana. Mkishaondoka hukaa kikao, wakalinganisha fomu na kukubaliana alama. Kwa hiyo hakuna mmoja anayekushikilia peke yake, na huenda alama zako zilishafungwa siku ileile. Barua sita hazitaongeza kitu. Zikifanana, zitaonekana za kunakili.

Andika moja tu, kwa mratibu aliyekuita. Kawaida hutumwa kesho yake, ila hujachelewa maadamu majibu hayajatoka:

“Nashukuru kwa usaili wa wiki iliyopita. Naomba unifikishie shukrani kwa waangalizi wote. Zoezi la mpaka wa msitu lilinifunza kuwasikiliza wanakijiji kabla ya kupendekeza suluhisho. Bado naitaka kazi hii.”

Taja zoezi moja, basi. Usianze kueleza ulichokusudia kusema kwenye mjadala, wala usimseme mwenzako yeyote aliyewamaliza wote kwa maneno, waangalizi walimwona. Kama uliahidi nakala ya cheti, iambatishe hapo hapo.

Baadaye nyamaza mpaka tarehe waliyotaja ipite. Wakipitiliza kama wiki moja, piga simu mara moja, asubuhi, uulize tu mchakato umefikia wapi. Ukikosa, usiulize “kwa nini mmeniacha?” Uliza ni zoezi lipi lilikuangusha. Fomu hujazwa kwa kila zoezi, hivyo swali hilo linajibika, na jibu la mstari mmoja litakufaa kwenye usaili ujao. Wapo wasiotoa maelezo hayo. Wakikataa, shukuru uache.

Siku ukiomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, usimtafute msaili yeyote. Matokeo utayaona kwenye akaunti yako ya Ajira Portal.

Barua ya mratibu itume leo, na baba mwambie nimeipenda nia yake.