Dondoo muhimu: Daraja la juu kwa safari fupi ya treni

Treni ya abiria ya kaskazini ilirejea Desemba 2019 ikitoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Haipiti Tanga mjini, hivyo wengi wetu wa Tanga huipandia Korogwe. Je, uongeze nauli?

• Pima tofauti. Mwaka 2019, Dar hadi Moshi ilikuwa shilingi 16,500 daraja la tatu, 23,500 daraja la pili kukaa na 39,100 daraja la pili kulala. Bei ya kitanda ilizidi mara mbili ya kiti cha daraja la tatu.

• Jua unachonunua. Mabehewa yote yanavutwa na kichwa kimoja, kwa hiyo hakuna anayefika mapema. Unacholipia ni nafasi na utulivu. Katika la pili kulala, chumba kina vitanda sita, basi usitarajie faragha.

• Tazama saa, si kilomita tu. Treni hii husafiri usiku. Korogwe hadi Mombo ni kipande kifupi; utashuka kabla hujapata usingizi, na la tatu linatosha. Ukienda hadi Moshi, kitanda kina thamani, hasa kwa mgonjwa, mzee au mama mwenye mtoto mchanga.

• Uliza dirishani nauli ya kipande chako, na kama kitanda kinauzwa kuanzia kituo chako.

Kwa safari isiyozidi saa mbili, baki na pesa yako.