SOMO: Kuchambua Video ya Jirani Bila Kuiiba



Siku hizi miche huuzwa pia kwa video fupi zinazotumwa kwa simu. Kikundi cha jirani kimetoa video ya miche ya maembe ya kupandikiza, na wanunuzi wanapiga simu kwao. Sisi tunaouza miche iyo hiyo hapa Kola tufanye nini? Tukiiga tutaonekana wezi. Tukiidharau hatutajifunza. Basi tulikaa chini tukaichambua kipande kwa kipande.

Jinsi tulivyofanya

Mmoja alishika simu, wa pili saa, wa tatu daftari. Mara ya kwanza tulizima sauti tukatazama tu. Kila picha iliporuka kwenda mahali pengine au upande mwingine, mwenye simu alisema "Mkato!" na video ikasimamishwa. Kamera ikigeuka polepole bila kuruka, hicho bado ni kipande kile kile. Mara ya pili tuligeuza simu kifudifudi tukasikiliza sauti peke yake.

Daftarini tulipiga mistari minne: sekunde, kinachoonekana, kinachosikika, na kazi ya kipande hicho. Huo mstari wa nne ndio wenye faida. Jiulizeni: kipande hiki kikiondolewa, mtazamaji atakosa nini?

Tulichokiona

Video ina dakika 2, na vipande 16. Vinafanya kazi tano tu:

1. Sekunde 0 hadi 6: mti wa kimo cha mtu umejaa maembe, hakuna anayesema. Kazi: kumfanya mtu aulize, "Imewezekanaje?"
2. Hadi 25: mama aonyesha mti mkubwa usiozaa vizuri. Kazi: kutaja shida.
3. Hadi 80: mikono ikifanya kazi. Kisu chakata, kikonyo chachomekwa kwenye mche, utepe wa nailoni wafungwa. Kazi: kuonyesha ujuzi.
4. Hadi 105: mkulima aliyenunua asema akiwa shambani mwake. Kazi: ushahidi.
5. Hadi 120: bei, mahali na nambari ya simu.

Angalieni sehemu ya tatu. Ni sekunde 55, karibu nusu ya video, na ina vipande 8, kila kimoja kama sekunde 7. Na bei haitajwi mpaka shahidi amalize kusema.

Lakini video moja haitoshi kuthibitisha jambo. Tulichukua nyingine ya kikundi hicho hicho ambayo haikuvuta watu. Hiyo ilianza kwa salamu za mwenyekiti, sekunde 40 nzima, na mikono haikuonekana hata mara moja. Tofauti hizo ndizo zenye fundisho. Hata hivyo tusikate shauri upesi: ile nzuri ilitumwa karibu na mvua za Novemba, wakati watu wanatafuta miche. Huenda majira nayo yalisaidia.

Kutenganisha mifupa na nyama

Sasa futeni mstari wa pili na wa tatu. Bakisheni sekunde na kazi. Kisha pimeni: je, mpango huu ungemfaa muuza asali au msusi wa vyondo? Ukifaa, hiyo ni mifupa, na mifupa haina mwenyewe. Usipofaa ila kwa maembe yale yale, bado mmeshika nyama ya mwenzenu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda picha, sauti na wimbo uliotengenezwa, hailindi wazo. Kwa hiyo msichukue hata kipande kimoja cha picha zao, wala wimbo wao, wala maneno ya mama yule.

Kujaza mifupa kwa vitu vyetu

Kola inajulikana kwa mabwawa ya mchanga. Basi kipande chetu cha kwanza ni miche mibichi kando ya mto mkavu, mwezi wa Septemba. Mtazamaji atauliza, "Maji yanatoka wapi?" Shida yetu: miche iliyozoea kivuli hufa ikipelekwa shambani. Mikono yetu itachimba mchangani mpaka maji yatokee, itanyweshea, kisha itahamisha miche juani kidogo kidogo ili ikomae. Shahidi awe mnunuzi wetu wa kweli, mwenye mti ulio hai. Mwisho, bei.

Mkimaliza, mwonyesheni mtu aliyeiona ile ya jirani. Akisema, "Si hii ni ile ya wale?" rudini mkatafute ni kipande gani kilichomkumbusha, mkibadilishe.

Maswali ya kikundi

1. Kazi gani mliyoiona katika video ya mshindani haimo katika yenu?
2. Kikundi chenu kina kitu gani cha kuonyesha ambacho jirani hana?
3. Ni nani atakayekuwa shahidi wenu, na je, amekubali kupigwa picha?