Lugha na Rejesta kama Mapendeleo Yaliyohifadhiwa: Tatizo la Salamu katika Roboti ya Mazungumzo ya Lugha Nyingi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mafundi wa kompyuta, lakini ambalo kwa maoni yetu haliwezi kupata jibu la kuridhisha pasipo isimujamii. Swali lenyewe ni hili: roboti ya mazungumzo inayowahudumia watu wa lugha mbalimbali ihifadhi nini kuhusu kila mtumiaji ili kila inapomwendea imsalimu ipasavyo?

Mifano yetu inatokana na roboti ndogo ya Telegram tuliyoiunda pamoja na wanafunzi wa uzamili. Kazi yake ni kuwakumbusha wanafunzi na wasimamizi wao tarehe za kuwasilisha sura za tasnifu, kwa Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa. Katika wiki ya kwanza msimamizi mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alipokea ujumbe ulioanza kwa "Mambo vipi?" Naye akajibu kwa neno moja tu: "Marahaba." Roboti ikamrudishia: "Samahani, sijaelewa."

Msomaji yeyote aliyelelewa katika utamaduni wa salamu za Kiswahili atatambua mara moja kilichotokea. "Marahaba" ni kiitikio cha "shikamoo". Mzee anapokitoa bila ya kuamkiwa, huwa anamkumbusha kijana salamu aliyostahili kuanza nayo. Ni karipio, tena la upole. Roboti haikukosea sarufi wala msamiati. Ilichokosa ni kumbukumbu ya uhusiano wake na mtu iliyekuwa ikisema naye, na ilipoonywa haikujua kwamba imeonywa.

2.0 Kisio na chaguo

Mtumiaji anapoiandikia roboti ya Telegram, programu hupokea pamoja na ujumbe ule maelezo machache kumhusu, miongoni mwake nambari yake ya utambulisho na kipengele kiitwacho `language_code`. Kipengele hiki hubeba lebo ya lugha, kwa mfano `sw`, `en` au `fr`. Waundaji wengi huridhika nacho na kudhani kwamba suala la lugha limekwisha.

Kuna sababu mbili za kutoridhika. Kwanza, kipengele hiki si cha lazima, na pengine hakiletwi kabisa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kinachoelezwa hapo ni lugha ambayo programu ya mtumiaji imewekewa, ilhali watu wengi wa Afrika Mashariki hutumia simu zilizowekewa Kiingereza tangu siku ziliponunuliwa. Lebo ya `en` kutoka Dodoma au Mombasa inatuambia habari za simu. Haituambii mwenye simu angependa kusemeshwa vipi. Katika istilahi zetu, hilo ni kisio. Chaguo ni lile ambalo mtumiaji mwenyewe amelitamka.

Kwa hiyo haitoshi kuhifadhi lugha. Ni lazima kuhifadhi pia chanzo cha habari hiyo, ili kisio kisije kikafuta chaguo. Toleo letu la kwanza halikufanya hivyo. Mtumiaji alichagua Kiswahili leo, na kesho ujumbe wake mpya ulipofika na `en` juu yake, programu iliandika upya na kumrudisha katika Kiingereza. Tulilitambua kosa hili kwa dalili moja: watu walewale walikuwa wakituma amri ya `/lugha` mara tatu, mara nne, kila wakati wakichagua kitu kilekile. Marekebisho yalikuwa mafupi:

```sql
INSERT INTO mtumiaji (id, lugha, chanzo)
VALUES (?, ?, 'kisio')
ON CONFLICT (id) DO UPDATE
SET lugha = excluded.lugha
WHERE mtumiaji.chanzo = 'kisio';
```

Mstari wa mwisho ndio unaobeba hoja yote. Mtumiaji ambaye hajatamka lolote anaweza kufuatwa na kisio kila simu yake inapobadilika, lakini aliyechagua haguswi. Pale ambapo `language_code` haikuletwa, agizo hili halitekelezwi kabisa.

3.0 Rejesta ni mali ya nani?

Tangu Brown na Gilman (1960) tumezoea kuueleza uchaguzi wa viwakilishi vya heshima kwa vigezo viwili, yaani mamlaka na mshikamano. Kifaransa hudhihirisha vigezo hivyo katika "tu" na "vous". Kiswahili sanifu hakina mgawanyo wa namna hiyo katika nafsi ya pili umoja. Mzigo huo huchukuliwa zaidi na salamu na majina ya wito. Kiingereza cha leo nacho kina "you" moja tu, na huonyesha tofauti kwa njia nyingine hafifu zaidi.

Kwa kuzingatia hayo, tuliona kwamba isingefaa kuhifadhi maneno yenyewe, kama vile "shikamoo", kwa kuwa maneno hayo hayana maana mtumiaji anapohamia lugha nyingine. Tuliteua thamani tatu za jumla: heshima, wastani na ukaribu. Kila mtumiaji alipewa thamani moja. Tulidhani tumelimaliza tatizo.

Tuangalie kisa kimoja kwa kina. Mwanafunzi mmoja wa uzamili kutoka Lubumbashi, kijana wa miaka 28, alianza kuitumia roboti kwa Kiswahili na kuchagua ukaribu. Alisalimiwa "Mambo vipi?" na akafurahi. Alipoanza kuandika sura yake ya nadharia, ambayo vyanzo vyake vilikuwa vya Kifaransa, aliihamishia roboti katika Kifaransa. Thamani yake ikabaki ukaribu, na roboti ikamwita "tu". Hakupenda, kwake yeye shughuli za chuo kwa Kifaransa hufanywa kwa "vous". Akabadilisha thamani kuwa heshima, na Kifaransa kikanyooka. Baada ya siku chache alirudi katika Kiswahili, naye akapokea salamu ambayo hakuwa ameitazamia hata kidogo: "Shikamoo."

Hapakuwa na hitilafu ya programu. Kila hatua ilitekelezwa kama ilivyoandikwa. Kosa lilikuwa katika nadharia tuliyoiingiza ndani ya jedwali bila ya kuichunguza, kwamba rejesta ni sifa ya mtu. Kisa hiki kinaonyesha kwamba rejesta ni sifa ya mtu katika lugha fulani. Mzungumzaji wa lugha nyingi haibebi hadhi moja kutoka lugha hadi lugha kama mtu abebavyo kitambulisho. Kila lugha imemkuta katika mazingira yake, na watu wake, na umri wake. (Mwanaisimujamii angepaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa na kompyuta, na mwandishi anakiri hivyo.)

Katika jedwali, matokeo yake ni kuiondoa rejesta katika safu ya mtumiaji na kuipa mahali pake:

```sql
CREATE TABLE rejesta (
  mtumiaji_id INTEGER,
  lugha TEXT,
  thamani TEXT,
  PRIMARY KEY (mtumiaji_id, lugha)
);
```

Sasa kijana wetu ana safu mlalo mbili: ukaribu kwa `sw` na heshima kwa `fr`. Anapohamia lugha ambayo hajawahi kuichagulia rejesta, hakuna safu mlalo, na kutokuwepo huko kuna maana yake: hajaulizwa. Ni muhimu kutokuchukulia hali hii kuwa sawa na "wastani". Aliyechagua wastani ameshasema neno lake, na ambaye hajaulizwa anastahili kuulizwa mara moja, kisha aachwe.

Hadi atakapojibu, tunatumia "Habari za leo?" ambayo mkubwa na mdogo wanaweza kuipokea bila ya kuumia. Tunaepuka "Habari za asubuhi", kwa sababu Telegram haimwambii mwenye roboti mtumiaji yuko katika majira gani. Seva yetu huhesabu kwa majira ya UTC, na saa moja asubuhi Dar es Salaam ni 04:00 kwa hesabu hiyo. Lubumbashi ni 05:00, na Kinshasa, katika nchi hiyohiyo, ni 06:00.

4.0 Namna ya kuuliza

Lugha ni rahisi kuuliza, mradi kila lugha iandikwe kwa jina lake yenyewe: Kiswahili, English, Français. Asiyejua Kifaransa hana haja ya kulielewa neno la tatu, na anayekijua hahitaji kutafsiriwa.

Rejesta ilitusumbua zaidi. Maneno "heshima, wastani, ukaribu" yalikuwa yetu, si ya watumiaji; karibu kila mtu alibonyeza "heshima", kwani ni nani atakayesema kwamba hataki heshima? Tukaondoa majina hayo na kuweka salamu zenyewe juu ya vitufe: "Shikamoo", "Hujambo", "Mambo vipi". Hapo likazuka jambo ambalo hatukulitarajia. Wanafunzi wa miaka 24 na 25 walibonyeza "Shikamoo", na walipoulizwa walieleza kwamba walidhani wanaiamkia roboti ya mwalimu wao. Salamu hii ni nusu ya jozi, na neno moja peke yake halionyeshi nani anaamkia na nani anaitikia. Ilibidi maandishi ya kitufe yambebe msemaji: "Nisalimu: Shikamoo", "Nisalimu: Hujambo", "Nisalimu: Mambo vipi". Makosa hayo hayakujirudia.

Wapo wanaopendekeza kwamba umri uulizwe, kisha programu iamue. Hatukubaliani nao. "Shikamoo" haitegemei umri wa anayeamkiwa peke yake. Inategemea umbali kati ya umri wake na wa anayeamkia, na roboti haina umri. Zaidi ya hayo, nguvu ya salamu hii si ileile Dar es Salaam na Nairobi, na katika Kiswahili cha Lubumbashi si salamu ya kila siku. Mwanamke wa miaka 35 anayeamkiwa hivyo na mashine anaweza kuona amezeeshwa.

Jozi hiyo inadai pia kwamba roboti iliyosema "shikamoo" itambue "marahaba" kuwa ni mwisho wa salamu, isiichukulie kuwa amri isiyojulikana. Na "marahaba" inayofika baada ya "Mambo vipi?" tumeifanya ifungue swali la rejesta upya. Ni dalili ya kuaminika kuliko hojaji yoyote tuliyowahi kuigawa.

5.0 Mipaka

Mambo mawili yabaki wazi. Katika kundi la mazungumzo, mapendeleo yahifadhiwe kwa nambari ya mtu, si kwa nambari ya kundi. Vinginevyo wa mwisho kuchagua huwachagulia wote. Hata hivyo, roboti inapolisalimu kundi zima hakuna pendeleo la mtu mmoja linalofaa, na tumebaki na "Hamjambo", ambayo angalau ni ya wingi.

La pili ni mtumiaji anayeiamkia roboti "Shikamoo". Kunyamaza ni utovu wa adabu, na kuitikia "Marahaba" ni kuipa mashine ukubwa ambao hakuna aliyeipa. Kwa sasa huitikia, kwa kuwa wanafunzi walituambia kwamba ukimya uliwakera zaidi.

Yule msimamizi aliyetukaripia alipoulizwa rasmi, alibonyeza "Nisalimu: Hujambo". Hadi tunaandika makala haya hajabadilisha.