Ukianza pensheni miaka mitano baadaye, unapoteza nini? Jisomee kwenye stetimenti zako

Wateja wetu wengi hapa Garissa, hasa wafanyabiashara wa soko la mifugo, hutuambia hivi: "Pensheni nitaanza, lakini si sasa. Acha biashara isimame kwanza, miaka mitano hivi." Hesabu wanayofanya kichwani ni rahisi. Kama mtu angeweka shilingi 12,000 kwa mwaka, basi kuchelewa miaka mitano ni kukosa 60,000. Hiyo anaweza kuifidia kwa kuuza mbuzi kadhaa.

Hesabu hiyo ina shimo. Huna haja ya kutuamini sisi, kwa sababu kama tayari uko kwenye mpango wa pensheni, jibu liko kwenye stetimenti zako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: toa stetimenti mbili

Chukua stetimenti yako ya mwisho na ile ya miaka mitano kabla yake. Ziweke pamoja.

Tutumie mfano wa kubuni. Dalali wa mifugo Garissa alijiunga na mpango binafsi wa pensheni mwaka 2015 akiwa na miaka 30. Kipato chake hakiji kila mwezi, kwa hivyo hulipa 12,000 kwa mkupuo mmoja kila Desemba. Stetimenti zake zinasema hivi:

- Mwisho wa 2019: salio 70,399
- Mwisho wa 2024: salio 173,839

Sasa jiulize: kama angeanza 2020 badala ya 2015, mwisho wa 2024 angekuwa na ngapi? Angekuwa amelipa mara tano tu, sawa na alivyokuwa 2019. Kama faida ya kila mwaka haikubadilika, salio lake lingekuwa lile lile la stetimenti ya zamani, yaani 70,399. Pengo ni 103,440. Katika hilo, pesa ambazo hangelipa ni 60,000. Hizo 43,440 nyingine ni faida ambayo hangeipata.

Kwako wewe namba hazitakaa sawa hivi, maana faida hupanda na kushuka na huenda umewahi kuongeza mchango. Lakini stetimenti ya miaka mitano iliyopita inakupa picha ya karibu.

Hatua ya pili: tafuta faida yako halisi

Usichukue kiwango kilichoandikwa kwenye tangazo. Angalia kilichoingia kwenye akaunti yako baada ya ada. Stetimenti ya dalali wetu ya 2024 ilianza na salio la 149,851. Faida ilikuwa 13,487, na ada zikakatwa 1,499. Kilichobaki ni 11,988. Gawanya kwa salio la mwanzo, unapata asilimia 8. Ukiangalia faida peke yake ungedhani ni asilimia 9.

Kama unalipa kila mwezi, ongeza nusu ya michango ya mwaka kwenye salio la mwanzo kabla ya kugawanya, kwa sababu pesa hizo hazikukaa mwaka mzima. Fanya hivyo kwa stetimenti tatu au nne, kisha uchukue wastani. Mwaka mmoja mzuri unaweza kukudanganya.

Hatua ya tatu: peleka mbele hadi miaka 60

Kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua salio, zidisha kwa 1.08, ongeza 12,000. Hapo umemaliza mwaka mmoja. Rudia hadi mwaka wa kustaafu.

Dalali aliyeanza akiwa na miaka 30 atafika 60 akiwa na takriban 1,359,400. Angeanza na miaka 35, angefika na 877,270. Pengo la laki moja na kidogo tuliloona 2024 limefika 482,130. Bado ni mikupuo ile ile mitano ya 12,000 ndiyo iliyokosekana.

Imekuwaje? Watu hudhani wanaochelewa hupoteza miaka mitano ya mwanzo, wakati salio bado ni dogo. Kwa kweli wanapoteza miaka mitano ya mwisho. Aliyechelewa anastaafu na salio ambalo mwenzake alikuwa nalo akiwa na 55. Miaka mitano ya kwanza ilizaa salio la 70,399. Miaka mitano ya mwisho inaongeza 482,130, kwa sababu faida sasa inahesabiwa juu ya salio nono.

Kufidia kunawezekana, ila kwa bei. Aliyeanza na 35 atahitaji kulipa kama 18,600 kila mwaka, si 12,000, ili amfikie mwenzake. Kwa jumla atatoa mfukoni 465,000, wakati mwenzake alitoa 360,000.

Na ukame ukija?

Hili ndilo swali la kweli huku kwetu. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na wengi wa Garissa, Wajir na Mandera walipoteza mifugo yao. Mtu anasema: nitaanzaje kitu ambacho huenda nikakiacha?

Tuhesabu. Chukua mtu aliyelipa miaka mitano ya kwanza, akasimama mitano, kisha akaendelea miaka 20. Atafika 60 na takriban 1,031,270. Aliyesubiri miaka mitano kisha akalipa 25 bila kukosa ana 877,270. Wote wawili wametoa 300,000. Tofauti ya kama 154,000 imetokana na kuwahi tu. Kwa hivyo kusimama katikati si sawa na kuchelewa kuanza, mradi salio la mwanzo uliliacha likae. Kabla ya kujiunga, uliza kama mpango wako unakubali kusimama bila faini, na kama ada inaendelea kukatwa.

Mipaka ya hesabu hii

Asilimia 8 ni ya mfano, si ahadi. Kwa asilimia 5, aliyechelewa hupata pungufu kwa asilimia 28, si 35. Bei za vitu nazo zitapanda, kwa hivyo milioni moja ya wakati huo haitanunua kama ya leo. Lakini kupanda kwa bei kunawapiga wote wawili sawasawa, na uwiano kati yao haubadiliki.

Pia hakikisha stetimenti ni sahihi. Linganisha michango iliyoandikwa na meseji za malipo kwenye simu yako. Tarakimu moja ya namba ya uanachama ikikosewa, pesa inaweza kukwama bila kuingia kwako. Malipo ya mwisho wa Desemba nayo wakati mwingine huonekana Januari. Ukikuta pengo, peleka meseji ya malipo kwa wasimamizi wa mpango. Wasipokujibu, wakala wa serikali unaosimamia mipango ya pensheni, RBA, hupokea malalamiko.

Mwisho, riba. Hesabu hii haibadiliki hata stetimenti ikisema "riba" au "faida", lakini kwako huenda tofauti ni kubwa. Waulize wasimamizi kwa maandishi pesa zimewekezwa wapi, uende na jibu hilo kwa sheikh wako. Hiyo ni kazi ya wiki chache. Haihitaji miaka mitano.