Mvua Imenyesha, Mbona Bwawa Halijajaa? Aina Tatu za Ukame na Namna Zinavyopimwa

Inawezekana umepata kusikia kwamba mgawo wa maji au wa umeme unaendelea kwa sababu ya ukame, ilhali nyumbani kwako mvua imekwisha kunyesha. Taarifa hizo mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja, kwa kuwa ukame ni wa aina tatu na kila aina ina kipimo chake.

1. Ukame wa hali ya hewa

Huu ni upungufu wa mvua yenyewe. Hupimwa kwa kulinganisha milimita zilizokusanywa katika kipimamvua na kumbukumbu za miaka mingi za kituo hichohicho, kwa kawaida miaka 30 au zaidi. Tuchukue mfano wa kituo ambacho wastani wa mvua zake za msimu ni milimita 400, na ambacho misimu yake kwa kawaida hutofautiana na wastani huo kwa milimita 100 hivi. Msimu huu zimepatikana milimita 240. Upungufu ni milimita 160. Ukigawanywa kwa 100, jibu ni 1.6 chini ya wastani, yaani hasi 1.6. Hiyo, kwa kurahisisha, ndiyo fahirisi sanifu ya mvua. Kuanzia hasi 1 ukame huhesabiwa kuwa wa wastani, kuanzia hasi 1.5 ni mkali, na kuanzia hasi 2 ni mkali kupindukia.

Kwa kuwa fahirisi hii haitumii milimita tupu, inawezesha kulinganisha mahali pakavu na mahali penye mvua nyingi. Hata hivyo, haisemi chochote kuhusu maji yaliyomo ardhini au mtoni.

2. Ukame wa kilimo

Hapa kinachopimwa ni unyevu wa udongo penye mizizi. Njia ya msingi ni kupima uzito wa udongo mbichi, kuukausha katika tanuri kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa takriban saa 24, kisha kuupima tena. Gramu 120 zikibaki 100, maji yalikuwa asilimia 20 ya uzito wa udongo mkavu.

Ukame huu unaweza kutokea hata pale ambapo jumla ya mvua za msimu ni ya kawaida. Mahindi yanayochanua hutumia takriban milimita 5 za maji kwa siku. Ikiwa udongo una akiba ya milimita 50 ambazo mmea unaweza kuzinyonya bila kudhoofika, akiba hiyo humalizika katika siku 10. Mvua ikikatika kwa wiki tatu wakati huo, mavuno hupungua, hata kama mvua kubwa itanyesha baadaye na kurekebisha jumla ya msimu.

3. Ukame wa kihaidrolojia

Huu ni upungufu wa maji katika mito, mabwawa na visima. Hupimwa kwa kusoma kina cha maji kwenye vipimo vilivyosimikwa mtoni, wingi wa maji yanayopita kwa sekunde, na usawa wa maji bwawani. Ndio unaomgusa mteja moja kwa moja, na ndio huchelewa kuanza na kuchelewa kwisha.

Bwawa la Mtera ni mfano mzuri. Likijaa, maji yake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kilichowekwa kwa uzalishaji wa umeme ni mita 690. Maji yakifika hapo, Mtera huathirika, na Kidatu vilevile, kwa kuwa Kidatu hutegemea maji yanayofunguliwa kutoka Mtera. Mwaka 2006 maji yalishuka chini ya kiwango hicho, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme.

Mvua inayonyesha Dodoma mjini haitoshi kuliinua bwawa hili. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Ruaha Mkuu, ambao vyanzo vyake vipo katika nyanda za juu za kusini na ambao hupita katika bonde la Usangu, penye mashamba ya mpunga. Mvua ya kwanza hunywewa na udongo uliokauka. Ni baada ya udongo kushiba ndipo maji mengi hutiririka mtoni.

Kipimo hiki nacho kina mpaka wake. Mto ukipungua, kipimo cha mtoni hakionyeshi kama sababu ni uhaba wa mvua au ni maji kuchepushwa njiani. Fahirisi ya mvua ya nyanda za juu ikiwa ya kawaida, na mto ukawa umepungua kuliko ilivyozoeleka, sababu itafutwe kwenye matumizi ya maji.

Kwa hiyo, unaposoma tangazo la mgawo, tazama limetaja kipimo gani. Likitaja usawa wa bwawa, ulinganishe na kiwango chake cha chini. Mvua ya mtaani kwako si kipimo cha bwawa hilo.