Mbps 20 ni Zangu Pekee ama Tunashea? Swali la Mwenye Duka Eldoret

Mteja wetu mmoja ana duka la jumla Eldoret, hatua chache kutoka Uganda Road. Wateja wake wengi hulipa kwa simu. Keshia anaingiza kiasi kwenye mashine, mteja anaona ombi la PIN kwenye simu yake, na mashine inatoa risiti malipo yakikubaliwa. Asubuhi kazi inaenda vizuri. Shida ni jioni, kuanzia saa kumi na mbili: mteja ameweka PIN, pesa imetoka, lakini mashine inazunguka tu, halafu inasema malipo hayajapatikana. Keshia anaomba tena, na mteja analipa mara mbili.

Mama huyu alimwandikia muuzaji wake wa intaneti hivi: "Habari ya jioni. Hii pakeji yenu ya biashara ya Mbps 20 ni yangu pekee ama tunashea na wengine? Jioni mashine yangu inakwama."

Akajibiwa: "Ndiyo mama, hiyo ni pakeji ya biashara. Unapata hadi Mbps 20."

Jibu ni la heshima, lakini swali halijajibiwa. Neno "biashara" ni jina la pakeji tu. Halisemi kama laini ni ya pekee. Neno lenye uzito hapo ni "hadi". Linakuambia kasi ya juu kabisa utakayopata, ila halikuambii kasi ya chini ambayo hutashuka chini yake.

Kushea ni nini hasa

Tuchukue mfano rahisi. Muuzaji ana Mbps 160 za kugawia mtaa mmoja, na ameuzia wateja 80 pakeji ya Mbps 20. Kwa jumla ameuza Mbps 1,600, yaani mara 10 ya alichonacho. Huo ndio uwiano wa kushea: 10 kwa 1. Wote wakivuta kwa nguvu dakika ileile, kila mmoja anabaki na Mbps 2.

Hiyo si wizi. Watu 80 hawavuti wote kwa pamoja mchana kutwa, na ndiyo maana bei inakuwa nafuu. Shida ni jioni, watu wakirudi nyumbani na kuanza kutazama video. Kama majirani wako kwenye laini ni nyumba, saa zao za kutumia ndizo saa zako za kuuza.

Laini ya pekee, ambayo kwenye kontrati huandikwa Dedicated, ni tofauti. Muuzaji anakutengea kiasi fulani asubuhi na jioni, kwa kawaida kasi ya kupakua na ya kupakia zikiwa sawa, na anaandika muda wa kurekebisha ikikatika. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kushea. Pia ina mpaka: ahadi hiyo huishia kwenye mitambo ya muuzaji. Mbele ya hapo, kila mtu anashea barabara za intaneti. Na haizuii waya kukatwa wala stima kupotea.

Pima kabla ya kulipia

Kabla mama hajaongeza hela, tulimwomba apime. Alichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, akazima waifai na kila kitu kingine dukani, kisha akapima kasi mara mbili: saa mbili asubuhi na saa moja jioni. Aliandika namba tatu kila mara, yaani kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na ping. Ping ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, na huhesabiwa kwa ms, yaani elfu za sekunde.

Asubuhi alipata Mbps 19 za kupakua, 9 za kupakia, na ping ya ms 15. Jioni alipata Mbps 8 za kupakua, 4 za kupakia, na ping ya ms 70. Kwa hivyo ni kweli, laini ni ya kushea, na jioni inashuka.

Lakini ombi moja la malipo pamoja na jibu lake ni data kidogo sana, chini ya picha moja ya WhatsApp. Mbps 4 zinatosha mashine kumi. Basi mbona inakwama?

Akarudisha vitu kimoja kimoja. Alipowasha kamera nne za ulinzi, zinazotuma video nje kuhifadhiwa, kasi ya kupakia ikaanguka hadi Mbps 0.3 na ping ikapita ms 400. Kamera moja yenye picha safi hula Mbps 1 hadi 4 za kupakia. Asubuhi zile Mbps 9 zilikuwa zinazibeba. Jioni zile 4 hazikutosha, na ombi la malipo likawa linapanga foleni nyuma ya video.

Kwa maneno mengine, mama alikuwa anashea na majirani, lakini aliyembana zaidi alikuwa ndani ya duka lake. Angelipia laini ya pekee ya Mbps 5, kamera zingeijaza vilevile.

Kumbuka kanuni hii: ukipima kwa waya, kila kitu kikiwa kimezimwa, na jioni bado haina hata Mbps 1, shida iko nje. Ikiwa inashuka tu vitu vya duka vikiwashwa, shida iko ndani.

Andika swali hivi

Tulimsaidia kuandika upya:

"Habari. Naomba mnijibu kwa maandishi. Pakeji yangu ya Mbps 20 inashewa na wateja wangapi kwa uwiano gani? Kasi ya chini mnayonihakikishia saa moja jioni ni ipi, ya kupakua na ya kupakia? Ikikatika, mnarekebisha kwa saa ngapi, na mkichelewa mnanirudishia nini?"

Safari hii namba zilikuja: uwiano ni 10 kwa 1, kasi ya chini haijahakikishwa, marekebisho ni ndani ya saa 24. Mama akaamua kubaki na pakeji ileile. Alipunguza ukubwa wa picha za kamera, akaweka mpaka wa Mbps 2 kwa kamera zote kwenye ruta, na akanunua laini ya simu ya mtandao mwingine ya kutumia faiba ikikatika.

Mashine ikikwama, usiombe tena haraka

Ombi la PIN hufika kwa mteja kupitia mtandao wa simu yake, si intaneti ya duka lako. Ndiyo maana pesa inaweza kutoka huku mashine yako haijui. Mashine ikisema malipo hayajapatikana, muulize mteja kama amepata ujumbe wa kuthibitisha. Kisha usiamini ujumbe wa simu yake peke yake: linganisha msimbo wa muamala na ujumbe uliofika kwenye simu ya biashara, ama taarifa ya akaunti yako. Ukiupata, mpe mzigo wake. Usipoupata kokote, hapo ndipo unaomba tena.