Thamani ya p ikiwa ndogo sana, je, athari ni kubwa?

*Maswali kuhusu takwimu za afya, kwa wasomaji wa Baraka na Fizi*

Mchambuzi amelinganisha watu ambao maji yao yametiwa klorini na wale ambao maji yao hayajatiwa. Amepata p = 0.00016, akaandika: "Athari ni kubwa mno." Ni sahihi?

Hapana. Thamani ya p hujibu swali hili: kama klorini isingefanya kazi yoyote, bahati tupu ingeleta tofauti kama hii au kubwa zaidi mara ngapi? Hapa ni mara 16 katika 100,000. Hiyo inaonyesha kwamba bahati peke yake ni maelezo dhaifu. Haisemi wangapi wameepuka kuhara.

Basi udogo huo umetoka wapi?

Tuchukue hesabu ya kubuni ya vijiji vya pwani ya Tanganyika. Kila kundi lina watu 100,000. Wasio na klorini wameharisha 10.0%, wenye klorini 9.5%. Tofauti ni nusu ya asilimia moja tu, na p ni kama 0.00016. Sasa weka watu 1,000 kila upande, asilimia zilezile: p inapanda hadi kama 0.7. Athari haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya watu. Kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo hata tofauti ndogo inavyotenganishwa na bahati.

Kuna mfano halisi wa kinyume chake?

Upo, hapa mashariki mwa Kongo. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyofika hata Mwenga, Kivu Kusini, jaribio la PALM lililinganisha dawa nne. Kati ya wagonjwa 169 waliopewa ZMapp, walikufa 84, yaani 49.7%. Kati ya 174 waliopewa mAb114, walikufa 61, yaani 35.1%. Thamani ya p ilikuwa 0.007, zaidi ya mara 40 ya ile ya klorini. Lakini tofauti ni pointi 14.6 za asilimia: karibu mtu mmoja zaidi anapona katika kila wagonjwa saba. Kwa klorini yetu ya kubuni, ni mmoja katika kila 200.

Kwa hiyo p haihusiani kabisa na ukubwa?

Inahusiana, ila imechanganywa na idadi ya watu. Makundi mawili yakiwa na idadi ileile na viwango vya ugonjwa vinavyokaribiana, p ndogo zaidi hufuatana na tofauti kubwa zaidi. Kosa ni kulinganisha p za tafiti zenye idadi tofauti.

Mchambuzi aandike nini?

Aanze na tofauti yenyewe, kisha mipaka yake: "Kuhara kumepungua kwa pointi 0.5 za asilimia, na data zinaruhusu kati ya 0.24 na 0.76; p = 0.00016." Hapo mganga mkuu wa zoni ya afya ataweza kupima kama faida hiyo inastahili gharama ya klorini.